Dola 340 mara mbili: jinsi malalamiko kwa benki yalivyoandikwa upya

Alikuja Ijumaa, tarehe 20 Juni 2025, kwenye meza yangu ya kuandikia barua na kutoa fotokopi huku Kamalondo, Lubumbashi. Anauza samaki wa baridi, na wiki mbili kabla alikuwa amenunua friza katika duka moja la vyombo vya umeme mjini. Alinipa simu yake niisome kabla hata ya kuketi.

"Yaya, banki ilikula falanga yangu," akaniambia, "na sasa inasema ni mie mwenyewe nilikula."

Friza ilikuwa ya dola 340. Alilipa kwa kadi. Mara ya kwanza mashine ilikataa, muuzaji akajaribu tena, mara ya pili ikakubali, friza ikapakiwa kwenye gari. Usiku ule alipofungua simu nyumbani alikuta meseji mbili za benki, kila moja ikisema dola 340 zimetoka. Jumatatu yake akaandika baruapepe, na Ijumaa tarehe 13 benki ikamjibu kwamba imefunga faili.

Nilisoma barua yake kwanza, kisha jibu la benki. Barua yake, nikiiweka hapa kwa Kiswahili bila majina, ilisema hivi:

"Bwana Mkurugenzi, nimeibiwa. Tarehe 9 Juni pesa zangu dola 340 zilichukuliwa kwenye kadi bila ruhusa yangu, saa 15:13. Mimi ni mteja wenu tangu miaka mingi, nina watoto wanne, na pesa hizo ni za biashara. Duka lile linajua kilichotokea na linakaa kimya. Hii si haki hata kidogo. Naomba mnirudishie pesa zangu haraka. Picha ziko hapa chini."

Picha zilikuwa tatu: tiketi moja ya mashine, na kadi yake mbele na nyuma.

Jibu la benki lilikuwa la sentensi tatu. Operesheni mbili za dola 340 zilifanywa kwa kadi yenyewe na namba ya siri. Tiketi aliyoituma ni ya saa 16:19 na hailingani na operesheni ya 15:13 anayoipinga. Kwa hiyo dai halina msingi.

Nilimwambia jambo ambalo halikumfurahisha: kwa swali aliloliuliza, benki ilijibu sawasawa. Aliandika "nimeibiwa" na "bila ruhusa yangu". Maneno hayo mawili yanapeleka barua kwa watu wanaoshughulikia kadi zilizoibwa, na watu hao huanza na swali moja: namba ya siri ilibonyezwa au haikubonyezwa? Ilibonyezwa, tena mara mbili, na yeye mwenyewe. Hapo kazi yao ilikwisha. Hakuna aliyetazama kama friza moja ililipiwa mara mbili, kwa sababu barua haikusema hivyo popote. Neno friza lenyewe halikuwamo.

Wizi wa kadi ni jambo moja, na malipo kukatwa mara mbili ni jambo lingine, na kila moja lina ushahidi wake. Katika wizi unaonyesha kwamba si wewe uliyelipa. Katika kukatwa mara mbili unakubali tangu mwanzo kwamba ni wewe uliyelipa, kwa kadi yako na namba yako ya siri, halafu unaonyesha kwamba ununuzi ulikuwa mmoja na makato mawili. Ukichanganya haya mawili katika barua moja, ushahidi wa upande mmoja unaua dai la upande wa pili.

Lakini kilichonishika zaidi ni zile saa. Tiketi yake ilisema 16:19. Meseji zilisema 15:13 na 15:19. Na tarehe aliyoiandika, 9 Juni, aliitoa kwenye taarifa ya akaunti, ingawa friza aliinunua Jumamosi tarehe 7. Kwa mtu aliye Kinshasa anayesoma faili hii baada ya faili nyingine arobaini, hapo kuna matukio matatu yasiyohusiana.

Sisi wa Lubumbashi tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Mashine ya dukani ilikuwa imepangwa kwa saa ya hapa, na meseji za benki zilitoka kwenye mtambo unaohesabu saa ya Kinshasa. Kwa hiyo tiketi ya 16:19 na meseji ya 15:19 ni tukio moja, dakika ileile. Ile meseji ya 15:13 nayo lazima iwe na mwenzake wa karibu na 16:13 kwa saa yetu. Ndiyo maana nilimuuliza: mashine ilipokataa mara ya kwanza, haikutoa karatasi?

Ilitoa. Alikuwa nayo kwenye pochi, imekunjwa mara nne, imebanwa kwenye kifuko cha plastiki pamoja na kitambulisho. Karatasi za mashine hizi hazina wino. Ni joto linaloandika, na joto na plastiki ndivyo vinavyofuta. Nilipoikunjua herufi zilikuwa zimebaki kijivu hafifu. Niliiweka kando ya dirisha, nikaipiga picha mara tatu kwa mwanga wa jua bila kutumia mwanga wa simu, na picha ya tatu ikasomeka: tarehe 07/06/2025, saa 16:12, dola 340,00, tarakimu nne za mwisho za kadi, namba ya mashine, na chini kabisa maneno ya kukataliwa pamoja na `CODE 91`. Mahali pa namba ya idhini palikuwa patupu.

Hiyo 91 haisemi kwamba akaunti haina pesa. Kwa pesa pungufu namba huwa 51. Katika lugha ya mashine za kadi, 91 maana yake ni kwamba benki ya mwenye kadi, au mtambo wa kati, haukupatikana. Mashine iliuliza na haikupata jibu kwa wakati, ikakata tamaa, ikaandika imekataa. Hata hivyo swali huweza kuwa limefika. Benki ikakata pesa, jibu likapotea njiani. Yakitokea hayo, upande wa mashine unatakiwa kutuma ujumbe wa kufuta, na ujumbe huo nao hupita kwenye mtandao uleule unaoyumba. Usipofika, pesa hubaki zimetoka kwa mteja bila kufika kwa muuzaji.

Kuna hali nyingine inayofanana na hii na ambayo haihitaji barua kali. Mara nyingi benki haijakata, imezuia tu kiasi kile kikisubiri uthibitisho. Salio unaloweza kutumia linapungua, ila kwenye taarifa ya akaunti hakuna mstari, na kizuizi hujiondoa baada ya siku kadhaa. Ndiyo sababu nilimtuma kwanza achapishe taarifa ya akaunti kamili ya tarehe 1 hadi 20. Alirudi nayo. Mistari miwili ya dola 340,00 ilikuwepo, yote miwili ikiwa na tarehe ya operesheni 07/06 na tarehe ya thamani 09/06, kwa kuwa duka lilifanya kazi Jumamosi jioni na benki ikahesabu kuanzia Jumatatu. Kila mstari ulikuwa na namba yake ya kumbukumbu. Kwa hiyo pesa zilikuwa zimekatwa kweli, na tulikuwa na haki ya kuzidai.

Kilichobaki kilikuwa upande wa duka. Barua ya kwanza ilikuwa imelishuku duka, na nilimwomba aache shuku hiyo hadi tuione karatasi yao. Jumatatu tarehe 23 tulikwenda pamoja. Kila jioni mashine ya kadi hufungwa: inatuma malipo ya siku benki na kuchapisha orodha yake. Muuzaji alikuwa na orodha ya tarehe 7 kwenye faili. Alisita kutupa, kwa sababu malipo ya wateja wengine yalikuwa juu yake. Tukakubaliana afunike mistari mingine kwa vipande vya karatasi, tupige fotokopi, agonge muhuri. Siku ile nzima kulikuwa na malipo moja tu ya dola 340,00, ya saa 16:19. Ya 16:12 haikuwemo.

Karatasi hiyo ilibadilisha kila kitu. Kabla yake tulikuwa na neno la mteja dhidi ya kompyuta ya benki. Sasa tulikuwa na mashine ya benki yenyewe ikisema imepokea mara moja, na akaunti ya benki hiyohiyo ikisema imetoa mara mbili. Mashine ya duka ilikuwa ya benki yake, jambo lililotusaidia: pesa hazikuwa zimetoka nje ya nyumba. Kama mashine ingekuwa ya benki nyingine, benki yake ingelazimika kulipeleka dai kwa njia za mtandao wa kadi, na huko kuna muda wa mwisho. Kwa kadi za Visa, dai la malipo yaliyochakatwa mara mbili lina siku 120. Siku hizo zinahesabiwa kwa benki, kwa hiyo mteja anayekuja siku ya 110 amechelewa tayari.

Tukakaa kuandika. Kwanza kwa Kiswahili, ili yeye mwenyewe aweze kusema "hapana, haikuwa hivyo" pale nilipokosea. Baadaye nikaiweka kwa Kifaransa, lugha ambayo benki hujibu nayo. Alinikatiza mara mbili. Nilikuwa nimeandika "mtandao ulikatika saa 16:12", akasema hakuona mtandao ukikatika, aliona mashine ikikataa. Alisema kweli, nikafuta. Mtandao kukatika ni dhana yetu. Karatasi yenye `CODE 91` ni jambo lililotokea. Katika mfululizo wa matukio ninaandika tu kile ambacho mtu mwingine anaweza kukiona kwenye karatasi au skrini, na mbele ya kila mstari naweka namba ya kiambatanisho kinachouthibitisha. Mstari usio na kiambatanisho unabaki tu kama bila huo hadithi haisimami.

Mara ya pili alinikatiza kuhusu watoto. Alitaka wabaki kwenye barua. Nilimwelewa, kwa sababu pesa ile ilikuwa mtaji wa wiki tatu za samaki na nyumbani waliisikia. Lakini anayefungua faili hana kisanduku cha kuweka jambo hilo, na kila sentensi anayoiruka inamfundisha kuruka. Tuliacha sentensi moja tu ya madhara, yenye kiasi ndani yake.

Barua iliyotumwa Jumanne tarehe 24 Juni ilikuwa hii:

"Mada: Malipo yaliyokatwa mara mbili, dola 340,00, 07/06/2025, kadi inayoishia na tarakimu nne [tulizijaza], faili yenu ya 13/06.

Bwana, Bibi,

Ninapinga mstari mmoja wa taarifa ya akaunti yangu. Tarehe 7 Juni 2025 nilinunua friza moja ya dola 340,00 kwa kadi yangu na namba yangu ya siri. Akaunti ilikatwa mara mbili. Sidai kwamba kadi iliibwa. Barua yangu ya tarehe 9 Juni ilitumia neno lisilo sahihi, na barua hii inachukua nafasi yake.

Saa zote hapa chini ni za Lubumbashi. Meseji zenu zinaonyesha saa ya Kinshasa, yaani saa moja nyuma. Nimeziandika zote mbili.

1. Jumamosi 07/06, 16:12: jaribio la kwanza. Mashine ilikataa, `CODE 91`, bila namba ya idhini (kiambatanisho 1).
2. 07/06, 16:13 (meseji: 15:13): mlinijulisha kwamba dola 340,00 zimetoka (kiambatanisho 2).
3. 07/06, 16:19: jaribio la pili, limekubaliwa, namba ya idhini ipo (kiambatanisho 3).
4. 07/06, 16:19 (meseji: 15:19): mlinijulisha kwa mara ya pili kwamba dola 340,00 zimetoka (kiambatanisho 2).
5. 07/06 jioni: duka lilifunga mashine. Orodha ina malipo moja ya dola 340,00, ya 16:19 (kiambatanisho 4, kina muhuri).
6. 09/06, tarehe ya thamani: mistari miwili ya dola 340,00 kwenye taarifa ya akaunti (kiambatanisho 5, imepigwa mstari).

Ninayakubali malipo ya 16:19. Ninayapinga ya 16:12, ambayo namba yake ya kumbukumbu imezungushiwa duara kwenye kiambatanisho 5.

Ninaomba dola 340,00 zirudishwe kwenye akaunti ileile, na nipewe namba ya faili kwa maandishi. Kiasi hiki ni mtaji wa biashara yangu na kimekosekana tangu tarehe 7 Juni."

Jina, namba ya akaunti, namba ya simu, basi. Nilichagua "ninapinga mstari mmoja" kuwa sentensi ya kwanza kabisa kwa sababu msomaji wa faili anaamua hapo ni nani wa kuipokea. Na ile "ninayakubali malipo ya 16:19" naipenda kuliko zote. Mteja anayetaja wazi anachokikubali huondoa hofu ya benki kwamba anataka friza ya bure.

Viambatanisho tulivipa majina yanayojipanga vyenyewe: `01_ticket_16h12.jpg`, `02_sms.jpg`, `03_ticket_16h19.jpg`, `04_boutique.pdf`, `05_extrait.pdf`. Picha inayoitwa `IMG_20250609` haimwambii mtu kitu, na ikipakuliwa kwenye kompyuta ya ofisi inapotea kati ya nyingine mia.

Kadi hatukuituma. Picha za mbele na nyuma alizozituma tarehe 9 zilinitia wasiwasi kuliko hata zile dola 340: namba nzima, tarehe ya mwisho na tarakimu tatu za nyuma vinatosha kununulia vitu mtandaoni, na baruapepe ile sasa ilikuwa imekaa kwenye visanduku visivyojulikana vingapi. Nilimsihi aombe kadi mpya siku ileile. Alilalamika kuhusu gharama, lakini alikwenda. Kwa dai la aina hii tarakimu nne za mwisho zinatosha. Namba ya siri haihitajiki kamwe, hata kama anayeuliza anasema ni wa benki.

Namba ya faili ilikuja kesho yake. Ijumaa tarehe 27 wakamwandikia kwamba wameipokea kama dai la kukatwa mara mbili, na wakamtaka apite kwenye tawi lake kusaini fomu ya kupinga muamala. Jumatatu iliyofuata ilikuwa 30 Juni, sikukuu ya uhuru, milango imefungwa, akasaini Jumanne tarehe 1 Julai. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya mistari mitatu ya maelezo. Alinipigia simu kutoka kaunta akiuliza aandike nini. Nikamwambia anakili sentensi mbili za barua, kuanzia "ninayakubali", bila kuongeza hata neno, ili fomu na barua zisipingane.

Tarehe 8 Julai meseji iliingia: dola 340,00 zimerudi.

Alileta taarifa ya akaunti tuitazame pamoja, na hapo nikaona kosa langu. Chini ya kila mstari wa dola 340 kulikuwa na mstari mdogo wa dola 2,32: ada ya dola 2 na kodi yake ya TVA ya 16%. Benki ilikuwa imerudisha malipo yaliyopingwa, lakini ada ya malipo hayo ilibaki, kwa sababu sikuiomba. Nilikuwa nimepiga mstari juu ya dola 340 na kuruka mstari uliokuwa chini yake. Alisema tuiache, ni hela ya mkate tu. Sikukubali. Ada ile ilitozwa kwa malipo ambayo benki yenyewe imekiri kwamba hayakutakiwa kuwepo.

Tuliandika mistari minne chini ya faili ileile, tukitaja namba yake, tarehe ya kurudishwa, namba ya kumbukumbu ya ada na kiasi: 2,32. Hakuna maelezo mengine. Jumanne tarehe 15 Julai ziliingia. Siku hiyo alipita kwenye meza yangu akienda sokoni na kuacha mfuko wa samaki wawili, na kwenye pochi yake, alipoifungua kutafuta chenji, niliona tiketi mpya za mashine zimekunjwa mara moja tu, ndani ya bahasha ya karatasi.